Waridi lenye madoa: ni ugonjwa, ni dawa au ni jua?

Wiki ya pili ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa Njiro alikuja kwenye kitalu changu cha maua hapa Arusha ameshika gazeti lililokunjwa kama la kufungia karanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya harakaharaka, akalifungua gazeti juu ya meza. Ndani mlikuwa na majani manne ya miwaridi yake.

"Niambie, mwanangu. Ugonjwa gani huu usiosikia dawa? Nimepuliza mara mbili ndani ya wiki moja na madoa yanazidi."

Niliyapanga majani kwa safu. La kwanza lilikuwa na madoa meusi makubwa kiasi, na pembeni yake jani limegeuka manjano. La pili lilikuwa la kijani safi, ila juu yake kulikuwa na miduara myeupe, kama alama inayobaki mezani ukiondoa kikombe cha chai. La tatu lilikuwa na baka moja la kahawia isiyokolea, kavu, ukiligusa linalia kama karatasi. La nne lilijaa vidoti vidogo vya rangi ya zambarau, vingine vikielekea kuwa vyeusi. Mama aliyaita yote manne kwa jina moja, madoa meusi, na yote aliyatibu kwa bomba lile lile.

Katika manne hayo, ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Moja lilikuwa uchafu wa dawa, moja kuungua kwa jua, na la nne, ambalo ndilo lililonifanya niombe kwenda kuiona bustani yenyewe, lilikuwa jeraha lililosababishwa na dawa aliyokuwa akipuliza kutibu lile la kwanza.

Kosa la wengi wetu ni kuanza na rangi. Rangi hudanganya. Doa la ugonjwa likiwa changa huwa na wekundu wa zambarau, jeraha la dawa likizeeka huwa jeusi, na kuungua kwa jua kukinyeshewa mvua wiki mbili huingia vumbi na kuwa na giza la ajabu. Mimi huuliza kwanza alama iko wapi: imekaa juu ya jani, au imo ndani ya nyama ya jani? Ikiwa imo ndani, nauliza la pili: inakua, au ilitokea siku moja ikabaki ilivyo? Majibu ya maswali hayo mawili humaliza sehemu kubwa ya kazi, na hayahitaji maabara.

Swali la kwanza hujibiwa kwa kitambaa. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, vaa glavu kama miwaridi ilipulizwa karibuni, kisha shika jani kwa kiganja chini na lipanguse mara mbili tatu bila kulikwaruza. Jani la pili la yule mama lilisafika papo hapo, na kitambaa kikabaki na utelezi wa rangi ya bluu iliyopauka. Hayo ni mabaki ya dawa ya kopa, yaani zile zenye madini ya shaba. Dawa ya mankozebu huacha utando wa manjano uliochanganyika na kijivu, salfa huacha unga wa manjano. Dawa za unga huacha alama nyingi kuliko za maji, kwa sababu chembe zake haziyeyuki kwenye maji, na pamoja na sumu yenyewe mna udongo laini wa kuibebea.

Mabaki yana mchoro wake, nao hutokana na namna maji yanavyokauka. Tone likikauka, unga husukumwa pembeni, ndiyo maana unaona duara lenye ukingo mzito na katikati pembamba. Jani likiwa limeinama, maji huteremka yakajikusanya kwenye ncha, na hapo ndipo utakuta alama nzito kuliko zote, au pia kando ya mshipa mkubwa wa kati kwa kuwa kuna kijibonde. Kisha tazama kando. Bomba halichagui. Kama kweli ni dawa, utaikuta pia kwenye kikonyo, kwenye mwiba, kwenye tofali la ukuta, na kwenye majani ya mmea jirani ambao si waridi kabisa. Ugonjwa wa waridi hauwezi kupaka tofali.

Kuna mgeni mwingine mweupe anayefanana na dawa, naye ni chokaa ya maji. Ukimwagilia kwa mpira juu ya majani, na maji yako ni magumu kama ya visima vingi, kila tone hukauka likiacha chumvi zake. Hapo kitambaa chenye maji matupu husafisha kwa shida. Kata jani moja, dondoshea tone la siki, subiri dakika moja, halafu pangusa. Chokaa ya maji itayeyuka. Jani hilo ulitupe, usirudi ukamwagia mmea mzima siki.

Jambo moja hapa watu hulikosea hata baada ya kutambua. Wakishajua kuwa weupe ule ni dawa, huukosha wote ili bustani ipendeze. Lakini dawa nyingi za kukinga fangasi hufanya kazi zikiwa juu ya jani, si ndani yake. Ule ubaya unaouona ndio kinga yenyewe ikiwa kazini. Ukiwa na wageni Jumapili na maua yako mbele ya baraza, osha. Vinginevyo acha, mvua itaupunguza taratibu.

Sasa turudi kwenye jani la kwanza, lile ambalo kitambaa hakikuligusa. Ugonjwa huu husababishwa na fangasi ambaye jina lake la kitaalamu, ukitaka kumtafuta kwenye simu, ni Diplocarpon rosae. Anashambulia miwaridi tu, kwa hiyo usimwogope kwa nyanya wala maharage yako. Namna anavyoishi ndani ya jani ndiyo inayompa sura yake, na ukishaielewa hutamsahau.

Spora zake, ambazo ni kama mbegu, zikitua juu ya jani lenye maji huota, zikatoboa ngozi ya juu ya jani, kisha badala ya kuzama moja kwa moja, nyuzi zake hutambaa chini ya ngozi hiyo, kati yake na nyama, zikienda pande zote kutoka katikati kama nyufa za kioo kilichopigwa jiwe. Zinapopita ndipo weusi unapotokea. Kwa hiyo ukingo wa doa hauwi mstari safi. Umechanikachanika, kama pindo la mkeka ambao haujamaliziwa, kama wino uliodondoka kwenye karatasi ya chooni. Shika lenzi ya kukuzia mara 10, au fungua kamera ya simu na uivute karibu, utaziona nyuzi hizo zikitoka nje ya doa na kuingia kwenye kijani. Hakuna jua wala dawa inayochora ukingo wa namna hiyo.

Madoa mengi huwa na upana wa milimita 2 hadi 12, na yanaweza kuungana yakawa ramani moja kubwa. Hukaa zaidi upande wa juu wa jani. Katikati ya doa lililokomaa, kwa lenzi hiyo hiyo, utaona vijipele vidogo vyeusi vinavyong'aa kidogo. Hivyo ni viwanda vya spora. Jani likilowa, vijipele hivyo hupasuka na kutoa ute wenye spora, na tone la mvua linalofuata linazirusha kwenda jani jingine. Hazipeperuki na upepo mkavu kama vumbi. Zinahitaji maji ya kuzirusha. Ndiyo maana ugonjwa huanzia majani ya chini, yanayorushiwa matone kutoka kwenye majani yaliyooza ardhini, ukapanda ngazi kwa ngazi kwenda juu.

Zikishatua, spora zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi au zaidi mfululizo ndipo ziweze kuingia. Joto zinalolipenda ni nyuzi 18 hadi 24. Ukitafuta mahali na wakati wenye sifa hizo utapata Arusha ya Aprili na Mei, Lushoto, Njombe, Limuru. Madoa huonekana kati ya siku 3 na 10 baada ya kuingia, kwa hiyo doa unaloliona leo ni habari ya mvua ya wiki iliyopita.

Halafu kuna ule umanjano. Jani lililoshambuliwa huanza kutoa kwa wingi gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi ukizifunika, na jani huzeeka kabla ya wakati wake. Manjano hutanda kuzunguka doa, kisha jani zima, kisha linaanguka ukiligusa tu. Baadhi ya aina za waridi hudondosha jani kwa doa moja au mawili, na nyingine hubaki nayo wiki nzima zikiwa na sura ya chui. Kwa hiyo kukosekana kwa manjano hakumwachii huru mtuhumiwa. Tazama pia matawi machanga ya mwaka huu: fangasi huyo huacha huko mabaka ya zambarau yaliyovimba kidogo ambayo baadaye huwa meusi. Bustani yenye mabaka hayo ina akiba ya ugonjwa hata ukifagia majani yote.

Jani la tatu, lile kavu, halikuwa na ukingo wa nyuzi wala vijipele. Lilipauka kwanza, likawa rangi ya majani makavu ya mahindi, na mpaka kati ya palipokufa na palipo hai ulikuwa wazi kama uliokatwa. Ukilinyanyua dhidi ya mwanga, sehemu iliyoungua hupitisha nuru kwa sababu nyama yake imekauka. Doa la ugonjwa likinyanyuliwa hivyo huziba nuru.

Lakini ushahidi mzuri kuliko wote wa jua ni kivuli. Jani la waridi limegawanyika vipande vitano au saba, na vipande vya jani moja hufunika vya jingine. Jua likiunguza, sehemu iliyokuwa chini ya mwenzake hubaki ya kijani, na mara nyingine unaona umbo la jani la juu limechorwa juu ya lile la chini, kama alama ya saa kwenye mkono wa mtu aliyeshinda shambani. Kuungua hukaa upande mmoja wa mmea, ule unaotazama jua la mchana au ukuta mweupe unaorudisha joto, na hushika zaidi majani yaliyolala bapa kuliko yaliyosimama. Fangasi hana habari na magharibi wala mashariki.

Majani hayaungui hivihivi kwa kuwa jua ni kali. Huungua jua linapokuja ghafla: umekata mti uliokuwa ukiwapa kivuli, umeondoa neti, umetoa miche kitaluni na kuiweka uwanjani mchana huo huo, au mizizi imekosa maji siku jani linapohitaji kujipoza. Jani lililokulia kivulini lina ngozi nyembamba na halibadiliki kwa urahisi. Yatakayochipua baada ya hapo yatazaliwa juani na kulizoea.

Nimeambiwa mara nyingi, na wazee ninaowaheshimu, kwamba ukimwagilia saa sita matone hukusanya jua kama lenzi na kutoboa majani. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walichapisha majaribio ya jambo hili hili. Vigololi vya kioo juu ya majani viliyaunguza kweli, lakini matone ya maji juu ya majani laini hayakuyaunguza, kwa kuwa tone hutandaa, kitovu cha mwanga wake huanguka mbali chini ya jani, na maji yenyewe yanalipoza jani. Madhara yalitokea kwenye majani yenye manyoya yanayolinyanyua tone juu. Waridi lina jani laini. Kumwagilia juu ya majani kuna ubaya wake, ila ubaya huo ni kuwapa spora maji wanayoyangoja, hasa ukimwagilia jioni.

Nilipofika Njiro keshoye niliona nilichokitarajia na kimoja ambacho sikukitarajia. Miwaridi tisa, safu moja kando ya ukuta wa magharibi wa nyumba. Nilichagua tawi moja refu nikalisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu tawi la waridi ni kalenda: jani la chini ndilo la zamani, la juu ndilo la juzi.

Chini kabisa kulikuwa na vikonyo vitupu, majani yameshaanguka, na ardhini zulia la majani ya manjano yenye madoa. Juu yake majani matatu yenye madoa ya ukingo wa nyuzi. Kisha, kwenye matawi ya upande wa nje tu, majani mawili au matatu yenye mabaka makavu. Kisha ukanda wa majani manne yaliyojaa vidoti vya zambarau, yote sawasawa, kila tawi, kila mmea. Na juu ya ukanda huo majani machanga mekundu yasiyo na alama hata moja.

"Mama, kuna mti uliokatwa hapa?"

Akacheka. "Nani kakwambia? Ulikuwepo mparachichi wa jirani. Matawi yake yalikuwa yanaangukia bati, tukayakata mwezi wa tatu mwanzoni."

Hapo mabaka makavu yakapata tarehe. Majani yaliyokuwepo mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijashika, yalishtukizwa na jua la alasiri. Majani yaliyozaliwa baadaye hayakuwa na baka hata moja ingawa jua lilikuwa lile lile. Ugonjwa ungeendelea kupanda kwenye majani mapya; ajali hubaki kwenye umri ulioikuta.

Ule ukanda wa zambarau nao ulikuwa na tarehe. Madoa ya ugonjwa hayaji kwa mpangilio wa gwaride. Kwenye jani moja la ugonjwa utakuta doa kubwa la wiki mbili, dogo la juzi, na nukta ya leo. Vidoti hivi vyote vilikuwa na ukubwa mmoja, vimetapakaa kama manyunyu, vingi zaidi kwenye ncha na pembe za majani ambako maji hujikusanya, na vilikuwepo hata kwenye mwaridi wa mwisho ambao haukuwa na doa moja la ugonjwa chini yake. Nilimwomba mama anionyeshe dawa. Ilikuwa kopa. Alipuliza Jumamosi jioni, mvua ikanyesha usiku, akaona imeoshwa, akapuliza tena Jumatano asubuhi kwenye mawingu na baridi, safari hii akiongeza kipimo mara mbili "ili iume."

Iliuma. Kopa huzuia fangasi kwa kuachia shaba kidogo kidogo ndani ya maji yaliyo juu ya jani. Jani likikauka upesi, shaba inayotoka ni chache na fangasi peke yake ndiye huumia. Hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu, jani likabaki limelowa saa nyingi, shaba hutoka kwa wingi na kupenya ndani ya jani lenyewe. Maji yenye uchachu huzidisha hali hiyo. Waridi ni mmoja wa mimea isiyovumilia, na dalili zake ni vidoti vya zambarau hadi vyeusi, manjano, na majani kuanguka. Soma tena orodha hiyo. Ni orodha ya ugonjwa wenyewe. Mtu aliyepuliza kopa kwa sababu ya madoa meusi, akapata madoa mengine na majani kuanguka, atasema nini? Atasema dawa haijatosha, ataongeza.

Salfa nayo ina mtego wake, ila ni wa kinyume: huunguza siku ya joto, nyuzi zinapopita 30, au ikikutana na dawa ya mafuta iliyopulizwa ndani ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo unapochunguza majani yako, daftari la siku ulizopuliza na hali ya hewa ya siku hizo lina thamani kuliko lenzi. Mama hakuwa na daftari, lakini alikumbuka Jumamosi kwa kuwa kulikuwa na harusi.

Bado alikuwa na shaka, na alikuwa na haki. Nilimwachia vipimo viwili vya nyumbani.

Cha kwanza ni cha kalamu. Chagua madoa matano kwenye majani tofauti, la ukingo wa nyuzi moja, la zambarau moja na kadhalika, ukiyazungushia mstari mwembamba wa kalamu ya wino usiofutika pale doa linapoishia. Kama unaogopa kuchora jani, piga picha ukiweka sarafu pembeni. Rudi baada ya siku nne au tano. Doa lililo hai litakuwa limevuka mstari. Jeraha la dawa na la jua litabaki ndani ya mstari, hata kama jani lenyewe linaendelea kuwa manjano.

Cha pili ni cha kopo. Chuma majani mawili yenye madoa makubwa, yaweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, chini umetandika karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa. Funika, weka mahali pa kivuli ndani ya nyumba kwa siku moja hadi mbili. Kisha angalia kwa lenzi. Kama ni ugonjwa, vile vijipele vitakuwa vimefunguka na juu yake kuna ute mdogo unaong'aa, mweupe mweupe. Hizo ni spora kwa maelfu. Usiiache wiki nzima. Baada ya siku nne au tano kila kitu kilichokufa huota ukungu, likiwemo jani lililoungua kwa jua, na manyoya hayo ya kijivu hayana maana yoyote kwa swali lako. Na kipimo hiki huweza kukuambia hapana isiyo ya kweli doa likiwa changa mno, kwani vijipele bado havijaundwa. Tumia madoa ya zamani.

Kuna magonjwa mengine ya waridi yanayoweza kuingia hapa katikati, na sitayafungulia mlango wote. Doa la duara kamili lenye katikati ya kijivu au iliyotoboka, na ukingo safi wa zambarau, si huyu. Kuna fangasi wengine wa madoa wenye tabia hiyo. Mabaka ya zambarau yenye pembe pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani kama mashamba yaliyopakana, na yanayoanzia majani ya juu, yafikirie kuwa ubwiri vinyoya, na huo ni wa kuharakia zaidi.

Naligusia la ubwiri kwa sababu mama alikuwa ameshapata ushauri kwa kijana wa jirani anayefanya kazi kwenye mashamba ya waridi kule Usa River. Kijana yule anajua kazi yake, tena pengine kunizidi. Lakini waridi la shambani, Usa River au Naivasha, hukua ndani ya nyumba ya plastiki, na maji hupita kwenye mipira ya matone chini ya shina. Mvua haigusi jani. Zile saa 7 za jani kulowa kwa mvua hazipatikani kirahisi, kwa hiyo ugonjwa wa madoa meusi, ambao ndio adui namba moja wa waridi la uwanjani kwetu, kwao si wa kukosesha usingizi. Wao hupambana na ubwiri, na majani yenye alama ya dawa wameyaona maisha yao yote. Alipoangalia picha za simu alisema "hayo ni mabaki tu, mama, usijali." Kwa jani la pili alikuwa sahihi kabisa.

Tulichokubaliana Njiro kilikuwa kidogo. Dawa isimame kwa wiki mbili, kwanza ili miwaridi ipone jeraha la shaba, pili ili tujue kipi kinaendelea chenyewe. Majani yaliyoanguka yote yafagiliwe na kufukiwa mbali au kuchomwa, siyo kuingizwa kwenye mboji ya bustanini. Majani yenye ukingo wa nyuzi yachumwe kwa mkono siku kavu. Yenye mabaka makavu na vidoti yaachwe, kwa kuwa sehemu yake ya kijani bado inaulisha mmea na mmea ulikuwa umeshapoteza mengi. Matawi mawili ya katikati kwa kila mwaridi yakatwe ili hewa ipite. Chini yatandazwe maganda ya kahawa, unene wa vidole vitatu, ili matone ya mvua yasipige udongo na kurusha spora juu. Baada ya hapo, kama majani mapya yangeonyesha ugonjwa, angetumia mankozebu kwa kipimo cha lebo, asubuhi ya siku kavu, akijua kuwa doa lililokwisha kuingia halifutwi na dawa. Dawa hulinda jani ambalo bado ni zima.

Alinipigia baada ya siku tano kunipa matokeo ya kalamu, akisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto. Madoa mawili ya ukingo wa nyuzi yamevuka mstari. Vidoti vya zambarau havijasogea. Baka kavu limepasuka na kipande chake kimeanguka.

Mwishoni mwa Mei nilipita tena. Miwaridi minane ilikuwa imevaa majani mapya, na ule ukanda wa zambarau ulikuwa umebaki chini kama mstari wa mafuriko ukutani. Mwaridi wa tisa, wa pembeni kabisa, ulikuwa na madoa mapya hadi nusu ya urefu wake, yenye nyuzi nzuri za kuonyesha wanafunzi. Nilipiga magoti kutazama matandazo, nikakuta shimo dogo lililochimbwa na maji, duara kama sarafu. Nikainua macho. Juu yake mfereji wa bati ulikuwa umeachana kwenye kiungo, na ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu saa nne asubuhi, bado ulikuwa unadondosha tone moja moja kwenye shina lile.

"Kwa hiyo dawa ya huu ni ipi?" mama akauliza.

Nikamwambia amwite fundi bati.